Choo cha kuning'inia ukutani au cha kusimama sakafuni: mwongozo kamili wa kuamua na kufunga kwa nyumba za Mwanza

Wenye nyumba wengi huanza kuchagua sinki la choo dukani, na hapo ndipo gharama huanza kupotea. Kabla ya kutazama umbo na rangi, ni lazima kujua bomba la majitaka linatokea wapi na ukuta ulio nyuma ya choo umejengwa kwa nini, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama sinki la kuning'inia litafungwa kwa kazi ya kawaida au kwa kubomoa nusu ya chumba. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza bomba, kisha ukuta, kisha hesabu ya fedha, ufungaji, na mwishoni usafi. Mfano utakaotumika ni wa bafu la nyumba ya kawaida katika mteremko wa Isamilo, lenye ukuta wa tofali za bloku za inchi 5 na sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya mwamba.

Kupima bomba

Sinki la kusimama sakafuni huwa na mojawapo ya njia mbili za kutolea uchafu. Lipo linaloshuka moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni, ambalo mafundi hulijua kama esi-trepu, na lipo linalotoa kwa nyuma kuelekea ukutani, yaani pii-trepu. Kwa aina ya kwanza, pima kutoka uso wa ukuta uliokwisha kupigwa marumaru hadi katikati ya tundu. Mara nyingi utapata kati ya sentimita 20 na 30. Kwa aina ya pili, pima kutoka sakafu iliyokamilika hadi katikati ya bomba, na kipimo kilichozoeleka ni takriban sentimita 18. Sinki la kuning'inia daima hutoa kwa nyuma, na katikati ya bomba lake huwa juu kidogo, karibu sentimita 22 hadi 23 kutoka sakafuni.

Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa kwenye vilima vya Mwanza. Pale ambapo chini ya sakafu kuna jiwe, kuchimba mfereji wa bomba ni kazi ya siku nyingi, na wengi hushauriwa kwamba hakuna njia nyingine isipokuwa choo cha kuning'inia, kwa kuwa bomba lake hupita juu ya sakafu. Ushauri huo si sahihi kila mara, na hesabu yake ni nyepesi. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Nusu ya unene wake ni sentimita 5.5, hivyo chini ya bomba la pii-trepu lililo kwenye sentimita 18 inabaki nafasi ya sentimita 12.5, ambayo inatosha bomba kushuka kwa umbali wa mita 5 kabla ya kugusa sakafu. Kwa choo cha kuning'inia kilicho kwenye sentimita 22.5 inabaki sentimita 17, yaani karibu mita 6.8. Kwa hiyo, ikiwa chemba ya nje iko umbali wa mita 3 au 4, sinki la sakafuni lenye pii-trepu linafanya kazi ileile juu ya mwamba uleule bila kununua fremu. Choo cha kuning'inia kinakuwa na hoja ya kweli pale umbali unapozidi mita 5.

Katika bafu letu la Isamilo, tundu lipo sakafuni, sentimita 25 kutoka ukutani. Hii ndiyo hali ngumu zaidi kwa anayetaka kubadilisha. Bomba la choo cha kuning'inia likishuka ndani ya fremu huhitaji tundu lililo karibu kabisa na ukuta, na tundu la sentimita 25 litabaki wazi mbele ya ukuta mpya. Itabidi zege livunjwe na bomba lisogezwe nyuma, au ukuta wa fremu usogezwe mbele hadi ulifunike tundu, jambo ambalo kwenye chumba chembamba hula nafasi ya magoti.

Ukuta unabeba nini

Hapa pana dhana potofu inayogharimu watu wengi, kwamba ukuta wa nyuma ndio unaobeba uzito wote wa anayekaa. Ukweli unategemea kama kuna fremu au hakuna.

Kiwango cha Ulaya cha EN 997, ambacho watengenezaji wengi hukifuata, kinataka sinki la kuning'inia libebe mzigo wa takriban kilo 400 bila kuvunjika. Hakuna mtu wa kilo 400 atakayekaa hapo, lakini mtu anapojitupa kwenye sinki, au anapokaa pembeni mwa ukingo wake, nguvu huongezeka kuliko uzito wake. Basi tufanye hesabu kwa mtu wa kilo 100, kisha tuizidishe kwa nne.

Anapokaa, uzito wake huangukia karibu sentimita 35 mbele ya marumaru. Kama sinki limefungwa moja kwa moja ukutani kwa boliti mbili zilizopandwa kwenye tofali, bila fremu, uzito huo hujaribu kulipindua: ukingo wa chini unasukuma ukuta, na boliti zilizo karibu sentimita 20 juu ya ukingo huo zinavutwa nje. Kilo 100 mara sentimita 35, ukagawanya kwa sentimita 20, unapata mvuto wa kilo 175 kwenye boliti mbili. Kwa mzigo wa majaribio wa kilo 400, mvuto ni kilo 700, yaani 350 kwa kila boliti. Tofali la bloku lililochanganywa mchanga mwingi, likiwa na fisha za plastiki, halishikilii mvuto wa namna hiyo kwa miaka. Kwa sababu hiyo sishauri kabisa ufungaji wa bila fremu kwenye tofali za bloku au za kuchoma, hata fundi akisema amekwisha kufanya hivyo kwingine.

Fremu ya chuma hubadilisha hesabu yote. Ina urefu wa karibu mita 1.1, miguu miwili iliyofungwa sakafuni na vishikio viwili vya juu vilivyofungwa ukutani. Uzito unaoshuka hupokewa na miguu, yaani na sakafu. Ukuta unabaki na kazi ya kuzuia fremu isipinde mbele tu. Kwa kuwa fremu iko karibu sentimita 10 nyuma ya marumaru, umbali wa uzito unakuwa sentimita 45. Kilo 100 mara 45, ukagawanya kwa 110, ni kilo 41 kwa vishikio vyote viwili. Kwa kilo 400 ni kama kilo 164, yaani 82 kwa kila kishikio. Tofali zima la inchi 5 lenye saruji ya kutosha linaweza kazi hiyo. Inafuata kwamba swali la kwanza kuhusu nguvu ni la sakafu: miguu ifungwe kwenye zege lenyewe, wala si kwenye tabaka la saruji la kusawazishia ambalo linaweza kubanduka. Zege jembamba lililomwagwa juu ya udongo uliofukiwa halifai mpaka livunjwe sehemu ya miguu na kumwagwa upya.

Namna ya kuujua ukuta wako si ngumu. Toboa tundu dogo la milimita 6 mahali ambapo vishikio vitakaa na utazame vumbi linalotoka. Vumbi jepesi la kijivu, na drili ikienda kwa upinzani uleule hadi mwisho, ni dalili njema. Drili ikizama ghafla, tofali lina uwazi ndani au umeingia kwenye kiungio. Vumbi likitoka kama mchanga mkavu na kingo za tundu zikimomonyoka ukizikwaruza kwa msumari, tofali ni dhaifu. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo ni wa kuacha kabisa kwa kazi hii. Kwa tofali dhaifu au lenye uwazi kuna dawa mbili: kupitisha boliti hadi upande wa pili wa ukuta na kuweka bamba la chuma la kama sentimita 10 kwa 10, au kung'oa tofali mahali pa vishikio na kumwaga zege lenye nondo, litobolewe baada ya wiki mbili za kumwagiliwa maji.

Sinki la sakafuni halihitaji chochote katika haya. Linaweza kuwekwa mbele ya ukuta wa mbao, na ukuta hauhusiki ila kwa koki ya maji.

Hesabu ya fedha

Bei hubadilika kati ya duka na duka, hivyo namba zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kuhesabu tu. Weka bei ulizopewa wewe mahali pake. Tuchukulie seti ya sinki la sakafuni pamoja na tangi lake ni shilingi 350,000, vifaa vidogo kama pani konekta, koki, bomba la kunyumbulika, skrubu na silikoni ni 50,000, na fundi bomba na msaidizi wake kwa siku moja ni 70,000. Jumla ni shilingi 470,000.

Kwa choo cha kuning'inia katika chumba hichohicho, tuchukulie sinki na kifuniko chake ni 450,000, na fremu yenye tangi la ndani pamoja na bamba la vitufe ni 700,000. Ongeza tofali, saruji, marumaru na grauti za ukuta wa nusu unaofunika fremu, 160,000. Vifaa vidogo 60,000. Kuvunja zege na kusogeza bomba 120,000. Na siku tano za mafundi, mbili za bomba, mbili za uashi na moja ya marumaru, 250,000. Jumla ni shilingi 1,740,000, zaidi ya mara tatu na nusu.

Jambo la kuangalia ni mahali fedha inapoenda. Kama nyumba inajengwa sasa, gharama ya kuvunja zege inaondoka na sehemu ya uashi na marumaru ingelipwa vyovyote, lakini tofauti bado inabaki karibu mara tatu kwa sababu fremu na sinki vimechukua theluthi mbili ya fedha yote. Kwa hiyo anayetafuta kupunguza gharama hujaribiwa kuondoa fremu, au kununua fremu nyepesi isiyo na alama ya mzigo inayobeba. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kubana matumizi. Ikiwa fedha haitoshi kwa fremu imara, chukua sinki la sakafuni bila kusita.

Kufunga choo cha kuning'inia

Anza kwa kuchora ukutani usawa wa sakafu itakavyokuwa baada ya marumaru. Fundi akisahau sentimita 2 au 3 za marumaru na saruji yake, sinki litakaa chini kuliko lilivyokusudiwa, na hakuna marekebisho baadaye. Kutoka mstari huo, weka boliti za kubebea sinki kwenye urefu ambao karatasi ya fremu inaonyesha, ili kikalio kiwe kati ya sentimita 40 na 43 kutoka sakafuni. Kwa nyumba yenye wazee, 45 au 46 ni nafuu zaidi kwao wanapoinuka.

Boliti za kubebea huachana kwa sentimita 18 au 23. Kabla ya kulipa, hakikisha sinki na fremu vinakubaliana, maana vinauzwa pia kando kando.

Simamisha fremu, ipime kwa pimamaji pande zote mbili, kisha toboa sakafu na ukuta. Boliti za kutanua za milimita 10 zinatosha, zikiingia kama sentimita 8 ndani ya zege. Zisiwekwe kwenye viungio vya tofali wala karibu na kona ya ukuta kuliko sentimita 10. Baada ya kukaza, fanya jaribio ambalo mafundi wengi huliruka. Azima mizani ya kuning'iniza, kama zile wanazopimia samaki wauzaji wa Mwaloni Kirumba, ifunge kwenye ubao wa juu wa fremu na uvute mbele kwa usawa, watu wawili wakisimama pembeni na si mbele ya fremu. Mvuto wa kilo 100 ni zaidi ya mara mbili ya ule utakaoletwa na mtu wa kilo 100. Fremu isisogee, na vumbi lisidondoke kwenye vishikio. Ikisogea hata milimita chache, ni afadhali kuijua leo kuliko baada ya marumaru.

Unganisha maji na bomba la uchafu, jaza tangi, flashi mara kadhaa ndani ya ndoo, na liache limejaa usiku kucha kabla ya kulifunika. Katika nyumba inayotegemea simtanki, safisha bomba kwanza, kwa kuwa mchanga unaotulia chini ya tangi hukimbilia kwenye kichujio kidogo cha vavu ya kuelea na kulifanya tangi la choo lijae polepole mno.

Ukuta wa nusu unaofunika fremu haubebi uzito unaoshuka, bali unasukumwa na ukingo wa chini wa sinki. Kwa hiyo sehemu iliyo nyuma ya sinki lazima iwe imejaa saruji barabara. Marumaru iliyogongwa ikatoa sauti ya uwazi mahali hapo ing'olewe, kwani itapasuka siku ya kwanza mtu mzito akikaa. Acha wiki mbili saruji ikomae, weka mpira mwembamba kati ya sinki na marumaru, kisha kaza nati kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule. Kigae cha udongo hakivumilii nguvu ya upande mmoja.

Kufunga choo cha sakafuni

Hapa maelezo ni mafupi kwa kuwa kazi ni fupi. Weka sinki mahali pake bila kulifunga, liunganishe kwa pani konekta, hakikisha halitikisiki, na uchore kwa penseli matundu ya skrubu. Toboa marumaru kwa biti ya kigae bila kuwasha nyundo ya drili, weka fisha, kisha kaza kwa mkono tu. Piga silikoni kuzunguka kitako, ukiacha nafasi ya vidole viwili kwa nyuma, ili maji yakivuja chini ya sinki yaonekane badala ya kujificha.

Mazoea ya kukalisha sinki juu ya saruji nyingi yanafaa kuachwa. Saruji ikishakauka, sinki haliwezi kutolewa tena bila kuvunjwa, na ukingo wake wa kijivu hunywa mkojo na kutoa harufu ambayo dawa haiiondoi.

Usafi wa kila siku

Faida ya choo cha kuning'inia iko sakafuni. Kitambaa cha deki hupita chini yake kwa mkupuo mmoja, na hakuna kiungio cha kitako mahali ambapo mkojo hukusanyika. Wanaokaa karibu na ziwa watakumbuka pia wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku na kufia nyuma ya sinki, katika pembe ambayo ufagio haufiki; chini ya sinki linaloning'inia pembe hiyo haipo. Ndani ya bakuli, hata hivyo, hakuna tofauti yoyote: usafi wa ndani unategemea umbo la ukingo na nguvu ya maji, na masinki yasiyo na ukingo uliokunjwa yanapatikana kwa aina zote mbili. Tumbo la chini la sinki la kuning'inia nalo hupata matone, na kwa kuwa halionekani, husahaulika. Lifutwe kila wiki.

Anayetaka usafi huo kwa fedha kidogo ana njia ya kati ambayo mimi huipendekeza kwa nyumba nyingi: sinki la sakafuni ambalo ubavu wake ni laini hadi chini na mgongo wake unagusa ukuta. Mikunjo ya bomba haionekani, pembe ya nyuma inazibwa, na kinachobaki kusafishwa ni mstari mmoja wa silikoni. Kwa bafu letu la Isamilo, lenye tundu la sentimita 25, hilo ndilo ningelifunga, baada ya kuhakikisha kuwa kiungo chake cha chini kinafika umbali huo.

Tangi lililofichwa hufikiwa kupitia tundu lililo nyuma ya bamba la vitufe, wala haihitajiki kubomoa ukuta. Vavu na mipira ya ndani hutolewa hapo, mradi bamba halikuzibwa kwa grauti, na mradi duka lililokuuzia linaweza kukuonyesha vipuri vya fremu hiyohiyo siku unayonunua. Kujua kama tangi linavuja kuelekea bakulini, kausha mgongo wa bakuli usiku, bandika karatasi nyepesi ya chooni, na uitazame asubuhi kabla mtu hajaflashi: mchirizi wa maji maana yake mpira wa chini umechakaa. Kwa uvujaji wa nyuma ya ukuta, usizibe kwa silikoni ukingo wa chini wa sinki la kuning'inia. Ziba pande na juu tu, na tone la kwanza litakalotokea hapo chini litakuambia kuwa kiungio cha bomba la kuflashia kimelegea, wakati ambapo kufungua nati mbili na kubadilisha mpira bado kunatosha.